Dunia ndogo kutoka picha ya panorama: mshono unatibiwa kabla ya kupinda

*Swali: Nimepiga panorama kwa simu kwenye uwanja wa wazi, nikaibana iwe mraba na kuipitisha kwenye Polar Coordinates ya GIMP. Duara la dunia ndogo limetoka vizuri, lakini kuna mstari unaoanzia karibu na katikati na kukata anga mpaka pembeni. Pale kwenye mstari nyasi za upande mmoja ziko juu kuliko za upande wa pili. Nimejaribu kuufuta kwa Clone na unazidi kuonekana. Nifanye nini?*

Iache hiyo picha ya duara, urudi kwenye panorama yako kabla hujaipinda. Huo mstari ni mshono wa ncha mbili za panorama, na kazi yake yote inafanyika huko, wakati picha bado ni ukanda mrefu. Ukishaipinda, unabaki na marekebisho ya dakika chache tu.

Ukielewa filta inafanya nini utaona kwa nini Clone imekushinda. Kila nukta ya ukanda ina anwani mbili: umbali wake kutoka kushoto na urefu wake kutoka chini. Filta inaugeuza ule umbali kuwa pembe, na urefu kuwa umbali kutoka katikati ya duara. Safu ya chini kabisa, yenye maelfu ya pikseli, inasongwa yote kwenye nukta moja. Safu ya juu kabisa inanyooshwa mpaka ijaze mzingo mzima wa duara. Mwisho wa kushoto na mwisho wa kulia, ambavyo havijawahi kukutana, vinagusana kwenye mstari mmoja unaotoka katikati kwenda nje.

Sasa fikiria unapaka Clone juu ya mstari huo. Karibu na katikati kila kitu kimesongwa, na pembeni kila kitu kimetanuliwa. Kipande cha nyasi ulichokichukua mahali pamoja hakilingani kwa ukubwa na kile cha sentimeta moja juu yake, na pia mwelekeo wake umepinda. Kwa hiyo kila mguso wa brashi unaacha alama mpya. Kwenye ukanda, mshono huohuo ni mstari wa wima ulionyooka, na ukubwa wa vitu ni uleule juu na chini. Huko brashi inakutii.

Kuna aina tatu za mshono, na wewe una mbili za kwanza kwa uhakika. Ya kwanza ni ngazi: upeo wa macho hauko kwenye urefu mmoja kwenye ncha zote mbili. Ya pili ni tofauti ya mwanga, inayojitokeza zaidi angani kwa sababu huko ndiko picha inakotanuliwa zaidi na hakuna majani wala mawe ya kuificha. Ya tatu ni mstari mwembamba kama unywele unaobaki hata kama ncha zinalingana kabisa. Huo unatokana na filta yenyewe, na dawa yake ni tofauti, kwa hiyo nitaufikia mwishoni.

Hujataja vipimo vya picha yako, kwa hiyo nitachukua panorama yenye upana wa pikseli 8400 na kimo cha 2400. Badili namba kulingana na yako.

Anza kwa kuangalia tatizo linavyokaa. Fungua ukanda, nenda `Layer > Transform > Offset`, chagua `Wrap around`, kisha sogeza kwa nusu ya upana, yaani 4200. Zile ncha mbili sasa zimekutana katikati ya skrini, na unaziona jinsi zitakavyoonekana kwenye duara. Kuza mpaka asilimia 100 uangalie ngazi. Tuseme upande mmoja upeo uko pikseli 1400 kutoka juu, na upande wa pili uko 1460. Ngazi yako ni 60. Andika namba hiyo, kisha rudisha picha ilivyokuwa kwa `Ctrl+Z`.

Ngazi inatokea kwa sababu mkono unashuka au unapanda kidogo kidogo wakati unageuka na simu, na programu ya simu inaunga vipande bila kujali kwamba mwisho unapaswa kurudi ulipoanzia. Dawa ni zana ya `Shear`, si ya kuzungusha. Kuzungusha kunapindisha pia kingo za kushoto na kulia, wakati hizo ndizo zinazopaswa kukutana zikiwa wima. `Shear` inateremsha upande mmoja na kupandisha mwingine huku kila safu wima ikibaki wima. Weka 60 kwenye `Shear magnitude Y`. Kama ngazi imeongezeka badala ya kwisha, weka -60. Upande mmoja utashuka 30 na mwingine utapanda 30, na upeo utakaa 1430 kwenye ncha zote mbili. Kutabaki pembetatu nyembamba tupu juu na chini. Kata pikseli 30 juu na 30 chini, na ukanda sasa una kimo cha 2340, upeo ukiwa 1400 kutoka juu na 940 kutoka chini.

Hii inafanya kazi pale upeo unapopanda au kushuka kwa mstari ulionyooka. Kama upeo wako una mawimbi katikati lakini ncha zake zinalingana, `Shear` haitakusaidia, na wala mshono hautakuwa na ngazi; dunia itakuwa na kibonge upande mmoja tu. Kwenye uwanja wa nyasi kibonge hicho kinaonekana kama kilima na hakuna atakayekilalamikia. Kwenye bahari kinaonekana mara moja.

Baada ya ngazi, njoo kwenye mwanga. Chukua `Color Picker`, washa `Sample average` ili isisome pikseli moja yenye chengachenga, kisha soma anga kwenye ncha ya kushoto na ya kulia kwa urefu uleule. Tuseme kushoto inasoma 214 na kulia 188. Tofauti ya 26 ni kubwa. Watu wengi huichanganya kwenye mshono tu, na matokeo yake ni kivuli chenye umbo la kipande cha keki angani. Tofauti hiyo itawanye kwenye upana wote wa picha, ambako jicho haliwezi kuikamata.

Nakili leya, na kwenye ile ya juu tumia `Colors > Curves` kuipandisha mpaka anga ya kulia isome 214. Fanya hivyo kwa kila rangi peke yake, nyekundu, kijani na bluu, kwa sababu upande wa jua huwa na manjano zaidi, na ukirekebisha mwanga peke yake utabaki na anga mbili zenye mng'ao mmoja na rangi mbili. Kisha ipe leya hiyo maski kwa `Layer > Mask > Add Layer Mask`, na uchore `Gradient` kutoka ukingo wa kushoto hadi wa kulia, nyeusi kwenda nyeupe. Kushoto leya mpya haionekani kabisa, kulia inaonekana yote, na katikati inaingia polepole. Ukimaliza unganisha leya kwa `Image > Flatten Image`. Usiruke hatua hiyo, maana hatua inayofuata inanakili kipande cha picha, na ukinakili kutoka leya moja tu utapoteza marekebisho yote uliyofanya.

Kama utarudi uwanjani kupiga tena, bonyeza kidole kwenye skrini na ushikilie mpaka simu ifunge mwanga, ukiwa umeelekea upande usio na jua wala giza. Hilo peke yake linapunguza kazi ya aya mbili zilizopita kuwa karibu na sifuri.

Sasa mshono wenyewe. Njia inayofundishwa mara nyingi ni kufanya `Offset` ya nusu na kupaka Clone katikati. Inafanya kazi, ila unajenga kitu kipya kwa mkono na kinaonekana hivyo. Kuna njia ninayoipendelea kwa mbali, kwa sababu ncha mbili zinalingana bila kubahatisha. Wazo lake ni hili: badala ya kulazimisha ncha mbili ngeni zifanane, unahamisha mahali pa kukata hadi ndani ya picha, ambako pikseli mbili zilikuwa majirani tangu mwanzo.

Chukua `Rectangle Select`, na kwenye vipimo vyake weka nafasi 0,0 na ukubwa wa 600 kwa 2340. Umechagua kipande cha kushoto kabisa. Kinakili, kibandike kama leya mpya kwa `Edit > Paste as > New Layer`, kisha kisogeze mpaka kikae juu ya mwisho wa kulia wa picha, yaani kianzie 7800 na kuishia 8400. Kipe maski, na uchore `Gradient` ndani yake: nyeusi kwenye ukingo wake wa kushoto, nyeupe kamili pikseli kama 20 kabla ya ukingo wa kulia. Ile picha ya kulia inafifia polepole na kugeuka kuwa mwanzo wa picha ya kushoto. Mwisho, kata pikseli 600 za kwanza kutoka kushoto mwa picha nzima. Kwenye zana ya `Crop` weka nafasi 600,0 na ukubwa wa 7800 kwa 2340.

Angalia kilichotokea. Safu ya mwisho kulia sasa ni ile iliyokuwa ya 599 kwenye picha ya zamani. Safu ya kwanza kushoto ni ile iliyokuwa ya 600. Zilikuwa zimegusana wakati simu inapiga, kwa hiyo zikikutana tena kwenye duara hakuna mshono unaoweza kuonekana pale. Mshono wa kweli, ule wa vitu visivyofanana, umehamia ndani ya picha, mahali unapoweza kuuona wote na kuushughulikia kwa nafasi.

Na unahitaji kushughulikiwa, kwa sababu kufifisha kitu kimoja ndani ya kingine hakufai kila mahali. Angani pikseli 600 ni nzuri, na hata 900 si nyingi. Kwenye nyasi ni balaa: ukichanganya nyasi mbili tofauti nusu kwa nusu, kila jani linafifia na unapata kiraka chenye ukungu katikati ya uwanja mkali. Huko mpito uwe mfupi, pikseli 60 hadi 100. Hivyo usiiache ile `Gradient` ilivyo kutoka juu hadi chini. Chukua brashi laini na uichore upya maski kuanzia upeo kushuka chini: nyeusi upande wa kushoto, nyeupe upande wa kulia, na mpaka mwembamba kati yake. Mpaka huo usiunyooshe. Uache upinde huku na kule, upite pembeni mwa kichaka, ufuate ukingo wa njia kama ipo. Jicho linatambua haraka mstari ulionyooka kwenye vitu vya asili.

Tatizo kubwa linakuja ikiwa ndani ya zile pikseli 600 kuna mti upande mmoja na nguzo upande wa pili. Vyote viwili vitatoka nusu wazi, kama mizimu. Chagua kimoja kibaki. Ukichagua mti, zungushia maski kwenye ukingo wake kwa brashi ngumu ili mti uwe mzima kabisa na nyuma yake iwe picha ya upande wa pili. Shina la mti au ukuta wa nyumba ni mahali pazuri sana pa kuficha mpito, kwa sababu pale tunategemea picha ibadilike ghafla. Kama ncha zako zina vitu viwili visivyoweza kukaa pamoja, tuseme ukuta mrefu upande mmoja na uwanja mtupu upande wa pili, kata panorama ndani zaidi, hata ukipoteza asilimia 15 ya upana, mpaka ufike mahali ambapo pande zote mbili ni nyasi na anga. Dunia ndogo haihitaji nyuzi 360 za kweli. Nyuzi 200 zikipindwa zinajaza duara, na mtazamaji hana namna ya kujua kilichoachwa.

Unganisha leya tena kwa `Flatten Image`. Sasa ukanda wako ni 7800 kwa 2340. Kabla ya kuupinda kuna jambo ambalo halihusiani na mshono, lakini linaamua kama miti yako itaonekana kama miti. Filta inatanua na kusonga upana kulingana na umbali kutoka katikati, na kuna mahali pamoja tu ambapo vitu vinabaki na umbo lake. Tunataka mahali hapo pawe kwenye upeo, ambako miti na majengo yanasimama. Hesabu yake ni nyepesi: kimo cha ardhi chini ya upeo kinapaswa kuwa sawa na upana wa ukanda ukigawanywa kwa 6.28, yaani mara mbili ya pai. Kwako ni 7800 ÷ 6.28, sawa na 1242. Wewe una 940. Ukipinda hivyohivyo, vitu vya kwenye upeo vitatoka virefu na vyembamba, kimo chake kikizidi upana kwa karibu theluthi moja kuliko inavyopaswa. Kiasi cha anga juu hakibadilishi umbo hilo hata kidogo. Anga inaamua tu dunia yako itachukua sehemu gani ya picha.

Kwa hiyo ongeza ardhi ya pikseli 300 chini, kwa `Image > Canvas Size`. Njia safi ni kunakili pikseli 300 za chini za nyasi, kuzigeuza juu chini kwa `Flip`, na kuzibandika kwenye nafasi tupu. Zinaungana zenyewe kama kwenye kioo, na ncha zake za kushoto na kulia bado zinalingana kwa kuwa ni safu wima zilezile. Usijali kwamba kurudiarudia kunaonekana. Sehemu hiyo inasongwa karibu na katikati na hakuna atakayeitambua. Ila zile pikseli 150 za mwisho kabisa zifunike kwa rangi moja ya nyasi inayofifia kwenda juu, maana safu ya chini ikiwa na doa jeusi hapa na doa jeupe pale, katikati ya dunia yako patatoka miale kama ya nyota. Viatu vyako vikionekana kwenye picha, hapo ndipo vinapoondoka.

Juu ongeza anga ya pikseli 500, nayo iishie kwenye rangi moja tulivu kwenye safu za juu kabisa. Mraba una kona nne zilizo nje ya duara, na kona hizo hujazwa kwa kurefusha safu ya juu au huachwa tupu, kutegemea programu. Ukiwa na rangi moja pale juu, kona zitatoka safi, au utazijaza kwa kuweka leya ya rangi hiyohiyo chini. Ukanda sasa una kimo cha 3140, na dunia itachukua 1240 kati ya hizo, yaani karibu asilimia 40 ya nusu kipenyo. Huo ni ukubwa unaopendeza machoni mwangu. Ukizidi nusu, miti inaanza kugonga ukingo wa picha.

Kuna jambo la kuangalia kwenye hatua hii. Chochote kinachogusa kingo za kushoto na kulia kinaweza kuurudisha mshono: kuifanya picha iwe na ukungu, kuinoa, `Heal`, hata kufuta chengachenga. Zana hizo zinapofika ukingoni hazijui kwamba jirani wa pikseli ya mwisho yuko upande wa pili wa picha. Kwa hiyo kabla ya kupinda unganisha leya, fanya tena `Offset` ya nusu, kuza, angalia katikati kuanzia juu mpaka chini, safisha kama kuna kitu. Ukipenda iache hivyohivyo ilivyosogezwa. Duara litazunguka nusu mzunguko tu, na unaweza kuligeuza baadaye.

Sasa mraba. Umesema uliibana. Wengi hubana upana mpaka ulingane na kimo, na hapo ndipo ukali wa picha unapotea. Ukiubana ukanda huu kuwa 3140 kwa 3140, mzingo wa nje wa duara utakuwa na pikseli karibu 9860 zinazolishwa na safu 3140 tu, kila moja ikitanuliwa mara tatu. Badala yake tumia `Image > Scale Image`, fungua mnyororo unaofunga uwiano, na uweke 6000 kwa 6000. Kimo kinapanda, upana unapungua kidogo. Pinda kwa ukubwa huo, kisha mwishoni kabisa punguza matokeo hadi 3000. Tofauti utaiona kwenye matawi ya miti. Na kama anga yako ni tupu na laini, badili `Image > Precision` kwenda biti 16 mapema, kabla ya zile `Curves`, la sivyo anga itatoka na mistari ya ngazi za rangi ikitanuliwa.

Kupinda kwenyewe ni kazi fupi. Fungua `Filters > Distorts > Polar Coordinates`, `Circle depth in percent` iwe 100, `To polar` iwe imewashwa, na `Map from top` izimwe ili safu ya chini iende katikati. Ukiacha `Map from top` imewashwa utapata kitu kingine kabisa, shimo lenye anga katikati na ardhi ikizunguka nje. Kama kuna maandishi kwenye picha, bango au namba ya gari, yasome. Yakitoka kinyume, badili hali ya `Map backwards`. Kwa anayetumia Photoshop, filta ya huko inaweka safu ya juu katikati, kwa hiyo zungusha mraba nyuzi 180 kwanza, kisha tumia `Rectangular to Polar`. Ni kuzungusha, si kugeuza juu chini kwa `Flip`. Ukigeuza, dunia yote inatoka kama iliyo kwenye kioo.

Sasa kuza kwenye mstari ulikokuwa mshono. Ukiona uzi mwembamba wa pikseli moja au mbili, wakati pande zake zote mbili zina rangi sawa na nyasi ziko sambamba, hiyo ndiyo aina ya tatu. Filta inapokadiria rangi ya pikseli iliyo ukingoni kabisa inahitaji jirani, na kwa kuwa ukanda umeishia hapo inachanganya na utupu. Ukanda wako hauna kosa. Usirudi nyuma kuutengeneza.

Dawa ni kupinda mara mbili. Chukua ule mraba wa 6000 kabla haujapindwa, nakili leya, na leya ya juu ifanyie `Offset` ya 3000 kwa upana, yenye `Wrap around`. Pinda zote mbili kwa mipangilio ileile. Leya ya juu imetoka imezunguka nusu mzunguko, kwa hiyo irudishe kwa `Layer > Transform > Rotate 180°`. Sasa una picha mbili zinazolingana pikseli kwa pikseli, ila uzi wa moja uko upande huu na uzi wa nyingine uko upande wa pili wa dunia. Ipe leya ya juu maski nyeupe, upake nyeusi juu ya uzi wake, na chini yake inaonekana picha safi. Hakuna Clone, hakuna kubuni. Pale katikati kabisa nyuzi zote mbili zinakutana, na hapo kuna nukta ndogo ambayo utaifunika kwa brashi ya rangi ya nyasi.

Baada ya hapo, kama bado unaona mstari mpana angani, yaani upande mmoja mzito na mwingine mwepesi, ujue ni mwanga haukusawazishwa, na hakuna brashi itakayouondoa vizuri kwenye duara. Rudi kwenye `Curves` na maski ya upana wote.

Ukishaandaa ukanda na una picha nyingi za namna hii, ImageMagick, programu ya amri za kuandika, inafanya kupinda kote bila kuacha uzi, kwa sababu unaweza kuiambia kwamba ncha za kushoto na kulia zinaendelea:

```
magick ukanda.png -resize '6000x6000!' -rotate 180 \
  -virtual-pixel HorizontalTileEdge -distort Polar 0 \
  -resize 3000x3000 dunia.png
```

Hapo `HorizontalTileEdge` ndiyo inayosema jirani wa pikseli ya mwisho ni pikseli ya kwanza, na inajaza kona kwa rangi ya safu ya juu ya anga. Alama ya `!` inalazimisha mraba. Kuzungusha nyuzi 180 kuna sababu ileile kama kwenye Photoshop.

Jambo la mwisho linawahusu wenye kamera za nyuzi 360 zinazotoa picha yenye upana mara mbili ya kimo. Picha ya aina hiyo ncha zake zinalingana tayari, na upeo wake uko katikati kabisa ya kimo, kwa hiyo ukiipitisha kwenye njia hii vitu vya kwenye upeo vitatoka vifupi na vinene. Kwa picha hizo tumia programu ya Hugin, uchague mwonekano wa `Stereographic` na ubadili `Pitch` kwa nyuzi 90 mpaka ardhi ikae katikati. Huo unatunza umbo la vitu kila mahali kwenye picha, jambo ambalo `Polar Coordinates` haiwezi. Kwa panorama ya simu kama yako, isiyo na anga yote wala ardhi yote, njia ya ukanda ndiyo inayokufaa.